Kusoma Slaidi za Bajeti: Kilichopangwa na Kilichotumika katika Kitengo cha Usafi

Kila robo ya mwaka inapokwisha, wakuu wa idara na vitengo huwasilisha taarifa za matumizi mbele ya kamati za halmashauri na hatimaye mbele ya Baraza la Madiwani. Siku hizi taarifa hizo huoneshwa ukutani kwa slaidi, na mwananchi anayehudhuria kikao cha Baraza, au anayebahatika kupata nakala kupitia kwa diwani wake, hukutana na jedwali lenye safu za tarakimu, asilimia na rangi ya kijani na nyekundu. Slaidi hukaa ukutani dakika mbili au tatu, kisha hupita. Makala haya yanachukua slaidi moja tu ya namna hiyo na kuisoma polepole, safu kwa safu, ili msomaji aone tarakimu hizo zinasema nini na zinanyamazia nini.

Tumechagua kitengo kidogo cha usafi wa mazingira chenye lori moja la taka na vibarua wanane. Kitengo hiki ni cha mfano, na tarakimu zake zimetungwa kwa ajili ya somo hili. Hata hivyo, aina ya matumizi na mambo yanayokisibu ni yale yale yanayojulikana katika halmashauri nyingi. Tunatazama nusu ya kwanza ya mwaka wa fedha, yaani Julai hadi Desemba, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mshahara wa dereva haumo katika jedwali, kwani hulipwa kutoka fungu la mishahara ya watumishi. Yaliyomo ni matumizi yanayogharimiwa na mapato ya ndani ya halmashauri.

| Kasma | Kilichopangwa (Sh.) | Kilichotumika (Sh.) | Tofauti (Sh.) |
|---|---|---|---|
| Dizeli | 15,600,000 | 13,728,000 | 1,872,000 |
| Malipo ya vibarua | 12,480,000 | 12,480,000 | 0 |
| Matengenezo ya lori | 6,000,000 | 8,700,000 | (2,700,000) |
| Vifaa vya usafi | 2,920,000 | 730,000 | 2,190,000 |
| Ukarabati wa vizimba vya taka | 4,000,000 | 0 | 4,000,000 |
| Jumla | 41,000,000 | 35,638,000 | 5,362,000 |

Kasma ni fungu dogo la matumizi lenye jina na namba yake katika bajeti. Safu ya mwisho imepatikana kwa kutoa kilichotumika kutoka katika kilichopangwa. Tarakimu iliyofungwa katika mabano ni pungufu: hapo kitengo kimetumia zaidi ya kilichopangiwa. Wapo wanaotoa kinyume, kilichotumika kwanza, na hapo mabano humaanisha kwamba fedha imebaki. Kwa sababu hiyo ni vyema kupima kasma moja kwa kichwa kabla ya kuamini rangi yoyote.

Jambo jingine la kutazama kabla ya tarakimu zenyewe ni kipindi kinacholinganishwa. Bajeti ya kitengo hiki kwa mwaka mzima ni Sh. 82,000,000. Mwasilishaji akilinganisha matumizi ya miezi sita na bajeti ya miezi kumi na miwili, ataandika kwamba kitengo kimetumia asilimia 43 tu, na wasikilizaji watadhani kazi imelala. Akilinganisha na bajeti ya miezi sita, kama jedwali letu lilivyofanya, atapata asilimia 87. Asilimia zote mbili ni sahihi kihesabu, lakini ni ya pili tu inayolinganisha vipindi vya urefu mmoja.

Basi slaidi inasema kwamba kitengo kimetumia asilimia 87 ya fedha iliyopangwa na kubakiza Sh. 5,362,000. Ni kasma moja tu yenye rangi nyekundu. Mtu angeweza kuridhika na kuomba slaidi ifuatayo.

Tuanze na kasma ya dizeli, ambayo imepakwa kijani kwa sababu imebakiza Sh. 1,872,000, sawa na asilimia 12 ya kilichopangwa. Ili kujua kama baki hiyo ni uangalifu wa matumizi au ni kitu kingine, hatuna budi kurudi nyuma na kuuliza makisio ya Sh. 15,600,000 yalitokana na nini. Mpangaji wa bajeti hakuitoa tarakimu hiyo hewani. Alikadiria kwamba lori lingekwenda dampo mara 10 kwa wiki, na katika wiki 26 hiyo ni safari 260. Kila safari ilikadiriwa kutumia lita 20 za dizeli, yaani lita 5,200 kwa jumla. Bei ya lita moja ilikadiriwa kuwa Sh. 3,000. Zidisha, nawe utapata Sh. 15,600,000 kamili.

Kwa hiyo ndani ya kasma moja mna makisio matatu: idadi ya safari, lita kwa kila safari, na bei ya lita. Slaidi imeyafunga yote matatu katika tofauti moja, nasi tunapaswa kuyafungua. Kumbukumbu za kitengo zinaonesha kwamba safari zilizofanyika ni 195, lita zilizotumika ni 4,290, na bei ya wastani iliyolipwa ni Sh. 3,200 kwa lita.

Safari 65 hazikufanyika. Kila moja ingetumia lita 20 za Sh. 3,000, yaani Sh. 60,000, hivyo safari hizo pekee zingeokoa Sh. 3,900,000. Lakini kilichobaki si Sh. 3,900,000, ni Sh. 1,872,000. Nyingine, Sh. 2,028,000, imekwenda wapi? Sehemu yake imemezwa na lita. Safari 195 kwa lita 20 zingehitaji lita 3,900, nazo zimetumika 4,290, zaidi kwa lita 390. Kwa bei iliyopangwa hizo ni Sh. 1,170,000. Sehemu iliyosalia imemezwa na bei: kila moja ya lita 4,290 ilizidi bei ya makisio kwa Sh. 200, nayo jumla yake ni Sh. 858,000. Jumlisha hizo mbili, utapata Sh. 2,028,000, na hesabu imefungana.

Sasa kasma ya kijani inasomeka vingine kabisa. Kitengo hakikubana matumizi ya dizeli. Kwa kazi kiliyoifanya, kilitumia Sh. 2,028,000 zaidi ya ilivyopaswa, na baki inayooneshwa imetokana na taka ambazo hazikuzolewa. Wananchi waliokuwa wakipita kando ya vizimba vilivyofurika mwezi Oktoba walikuwa wakiitazama baki hiyo kwa macho yao.

Kuhusu bei, kitengo hakina la kufanya. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta kwa maeneo mbalimbali ya nchi, na mpangaji wa bajeti hawezi kujua mwezi Januari bei itakayotangazwa mwezi Novemba. Kinachowezekana ni kulinganisha bei iliyolipwa katika ankara na bei kikomo ya mwezi ule ule kwa eneo lile lile. Ikiwa iliyolipwa haizidi kikomo, mjadala wa bei unaishia hapo. Ikizidi, kuna swali kwa aliyeidhinisha malipo.

Lita ni jambo zito zaidi. Wastani wa nusu mwaka ni lita 22 kwa safari badala ya 20, na wastani huo hauonekani kuwa wa kutisha. Tabia ya wastani, hata hivyo, ni kuchanganya mwezi mzuri na mwezi mbaya hadi visitambulikane. Tukizitenganisha robo mbili tunaona kwamba kuanzia Julai hadi Septemba lori lilikwenda safari zote 130 zilizopangwa na kutumia lita 2,600, yaani lita 20 barabara kwa kila safari. Kuanzia Oktoba hadi Desemba lilikwenda safari 65 tu na kutumia lita 1,690. Gawanya: ni lita 26 kwa safari. Tatizo halikuwa la asilimia 10 kwa nusu mwaka. Lilikuwa la asilimia 30, nalo lilianza robo ya pili.

Mtu akisikia habari ya lita 26, neno la kwanza linalomjia ni wizi. Huenda ni kweli, lakini slaidi haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Kinachoweza kufanya hivyo ni kitabu cha safari za gari, ambacho dereva huandika kilomita za kuondoka na za kurudi pamoja na lita zilizojazwa. Ikiwa kilomita kwa kila safari ni zile zile za mwanzo na lita zimepanda, basi ama injini ina hitilafu, ama mafuta yanavuja, ama yananyonywa. Ikiwa kilomita nazo zimepanda kwa kiwango kile kile, lori halina kosa na dereva hana kosa. Njia ndiyo imerefuka. Katika mfano wetu kitabu kinaonesha kwamba safari ya kwenda na kurudi dampo ilikuwa kilomita 40 mwezi Agosti na kilomita 52 mwezi Desemba. Kilomita 40 kwa lita 20 ni kilomita mbili kwa lita, na kilomita 52 kwa lita 26 ni kilomita mbili kwa lita vilevile. Mvua za vuli zilibomoa kalavati katika njia ya mkato, nalo lori likawa linazunguka. Tofauti ya kasma ya dizeli imezaliwa barabarani, na wa kuulizwa ni wale wanaosimamia barabara hiyo. Mara nyingi katika ngazi ya wilaya huo ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA.

Tumetumia muda mrefu katika kasma moja kwa makusudi, kwani mbinu ni ile ile kwa nyingine zote: tafuta makisio yaliyozaa tarakimu, kisha linganisha kila kisio na kilichotokea. Kasma zilizobaki zitakwenda haraka zaidi.

Matengenezo ya lori ndiyo kasma pekee yenye rangi nyekundu. Imezidi kwa Sh. 2,700,000, sawa na asilimia 45, na mkuu wa kitengo bila shaka ataulizwa. Jibu lake ni kwamba giaboksi iliharibika tarehe 1 Oktoba na lori likakaa karakana wiki sita na nusu. Zidisha wiki sita na nusu kwa safari 10, utapata zile safari 65 zilizokosekana. Kwa hiyo nyekundu ya matengenezo na kijani ya dizeli ni tukio moja lililoandikwa katika mistari miwili. Kikao kinachomkaripia mkuu wa kitengo kwa mstari mmoja na kumpongeza kwa mwingine hakijaisoma slaidi.

Kuna swali jingine hapa ambalo nadhani ni muhimu kuliko lile la giaboksi. Malipo hayawezi kuvuka kiasi kilichomo katika kasma bila fedha kuhamishwa kutoka kasma nyingine kwa idhini. Sh. 2,700,000 zilitoka wapi? Jicho likishuka mistari miwili linakuta ukarabati wa vizimba, Sh. 4,000,000 zilizopangwa na sifuri iliyotumika. Uhamisho wa namna hiyo si kosa. Lori lililokufa halingoji mwaka mpya wa fedha. Kosa huanza pale slaidi inapotengenezwa kwa bajeti iliyokwisha kurekebishwa bila kusema hivyo. Matengenezo yataandikwa kuwa yalipangiwa Sh. 8,700,000 na kutumia Sh. 8,700,000, tofauti sifuri. Vizimba vitaandikwa kuwa vilipangiwa Sh. 1,300,000. Nyekundu itatoweka yote, na hakuna atakayejua kwamba kata fulani imepoteza vizimba vyake. Dalili ya kuitambua hali hii ni rahisi: linganisha safu ya kilichopangwa na kitabu cha bajeti iliyopitishwa na Baraza kabla ya Julai. Zikitofautiana, uliza tarehe ya uhamisho na kikao kilichouridhia.

Vifaa vya usafi, yaani glavu, buti, reki na majembe, vinaonesha baki ya asilimia 75. Baki hiyo karibu yote ni ya kupita. Vifaa vya Sh. 2,000,000 viliagizwa Novemba, vikapokelewa stoo Desemba, na vibarua wameshaanza kuvivaa, ila mzabuni hajalipwa. Slaidi inayohesabu fedha iliyotoka benki haimwoni mzabuni huyo. Ukimwongeza, matumizi ni Sh. 2,730,000 na baki halisi ni Sh. 190,000. Ndiyo maana kila baki kubwa inayotokea mwishoni mwa robo inapaswa kukutana na maswali mawili: je, kuna kilichopokelewa lakini hakijalipwa, na je, kuna kilichoagizwa lakini hakijafika? Yakijibiwa ndiyo, baki hiyo ina mwenyewe tayari.

Malipo ya vibarua yana tofauti ya sifuri, nayo sifuri huwa haiulizwi. Vibarua wanane kwa Sh. 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi sita: Sh. 12,480,000 zilipangwa na zote zimelipwa. Lakini makisio yalikuwa kwa safari 260, yaani Sh. 48,000 za vibarua kwa kila safari. Zimefanyika 195, hivyo kila moja imegharimu Sh. 64,000. Hii haina maana kwamba vibarua wangepaswa kunyimwa posho lori lilipokuwa karakana. Walipangiwa kufagia barabara na kuzibua mitaro, kazi ambayo ilihitajika. Ina maana tu kwamba gharama isiyobadilika, kazi ikipungua, hupanda kwa kila kipande cha kazi bila kuacha alama yoyote katika safu ya tofauti.

Hapo ndipo ninapoona upungufu mkubwa wa slaidi za aina hii: hazina safu ya kazi iliyofanyika. Ingeongezwa safu moja tu yenye idadi ya safari, msomaji angeweza kugawanya mwenyewe. Tukiacha vizimba kando, kitengo kilipanga Sh. 37,000,000 kwa safari 260, takriban Sh. 142,000 kwa safari. Kimetumia, pamoja na deni la vifaa, Sh. 37,638,000 kwa safari 195, takriban Sh. 193,000 kwa safari. Slaidi yenye jumla ya kijani na gharama ya safari iliyopanda kwa zaidi ya theluthi moja ni slaidi ile ile.

Tofauti zote tulizozipitia ni za miezi iliyokwisha, na pengine msomaji atasema maji yaliyomwagika hayazoleki. Lakini kikao cha Januari bado kina miezi sita mbele yake, na jedwali lile lile linaweza kutazama mbele. Chukulia kwamba kalavati halitatengenezwa, kwamba bei itabaki Sh. 3,200, na kwamba bajeti ya dizeli ya nusu ya pili ni Sh. 15,600,000 kama ya kwanza. Ongeza baki ya Sh. 1,872,000, kitengo kina Sh. 17,472,000 hadi tarehe 30 Juni. Kila safari sasa inakula lita 26, yaani Sh. 83,200. Gawanya, na jibu ni safari 210 kati ya 260 zinazohitajika.

Safari 210, kwa 10 za kila wiki, ni wiki 21. Lori litazoa taka kama kawaida Januari, Februari, Machi na Aprili, na kasma ya dizeli itaendelea kuonekana nzuri katika slaidi ya robo ya tatu. Dizeli itakwisha mwishoni mwa Mei, wiki tano kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Diwani anayetaka kuuliza habari ya kalavati, au anayetaka sehemu ya fedha ya vizimba ihamishiwe dizeli ilhali bado ipo, ana nafasi ya kufanya hivyo katika kikao cha Januari.